Babangu au baba yangu, mkewe au mke wake: umbo lipi uandike wapi

Mtu anayeandika Kiswahili Kampala au Arua hukutana na maumbo mawili ya neno lile lile ndani ya wiki moja. Kitabu kimoja kimeandika *babake*, kingine *baba yake*. Mwalimu amekata *mamangu* kwa wino mwekundu, lakini gazeti alilolisoma jana limeandika *mkewe* na *mwanawe* ukurasa mzima na hakuna aliyelalamika. Anapouliza, ushauri anaoupata mara nyingi ni huu: acha maumbo mafupi yote, andika marefu tu.

Ushauri huo una nusu ya ukweli. Maumbo mafupi si kundi moja. Yako makundi mawili, yanaundwa kwa njia mbili tofauti, na uandishi rasmi hauyapokei kwa namna moja. *Babangu* na *mkewe* yote ni mafupi, lakini moja litakushushia daraja katika barua rasmi na jingine halitakudhuru hata kidogo. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, wanaoandika lugha hii kwa mara ya kwanza wameongezeka, na swali hili ni kati ya yale yanayowakwamisha mapema.

Vigezo vya kulinganisha

Tutayapima maumbo matatu kwa mambo manne. Kwanza, linaundwaje na linakubali majina gani. Pili, je, linaonyesha kama jamaa ni mmoja au wengi? Tatu, je, msomaji anajua bila shaka jamaa huyo ni wa nani? Nne, linapokelewaje katika maandishi rasmi.

Umbo kamili: baba yangu, dada zake, mume wako

*Linavyoundwa.* Jina linasimama peke yake na kimilikishi kinafuata kama neno la pili. Majina yasiyo na kiambishi m- huchukua y- katika umoja: baba yangu, dada yako, shangazi yake, shemeji yetu. Yale yenye m- huchukua w-: mume wangu, mke wako, mjomba wake. Hakuna jina la jamaa linalokataa umbo hili.

Kosa linaloonekana zaidi hapa Uganda ni *baba wangu* na *mama wangu*. Lina sababu mbili, na zote zinaeleweka. Ya kwanza ni lugha za nyumbani: Mganda husema *taata wange* na *muganda wange*, kwa w-, na mkono unaandika kile sikio lilichozoea. Ya pili imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema *baba wa Musa*, *rafiki wa Amina*, kwa *wa*, kwa hiyo mtu anaona ni haki kabisa kuendelea na *baba wangu*. Lakini majina haya yana tabia hiyo: kihusishi *-a* kinafuata uhai wa mtu, hivyo *baba wa*, huku kimilikishi kikifuata umbo la jina, hivyo *baba yangu*. Vitenzi na vivumishi vingine vinarudi upande wa uhai. Ndiyo maana sentensi sahihi ni *Dada yangu mdogo amefika*, wala si *Dada yangu ndogo imefika*.

*Umoja na wingi.* Hapa ndipo umbo kamili linapolipa gharama ya urefu wake. *Dada yangu* ni mmoja, *dada zangu* ni wengi. Jina lenyewe halikubadilika. Konsonanti moja tu, y au z, ndiyo iliyobeba idadi. Baadhi ya majina yenye m- pia huchukua z- yanapokuwa wengi: *wake zao*, *waume zetu*, *wajomba zangu*.

*Mwenye jamaa.* Vimilikishi vyote sita vinatofautiana: yangu, yako, yake, yetu, yenu, yao. Hakuna viwili vinavyofanana.

*Katika maandishi rasmi.* Hakuna mahali linapokataliwa. Udhaifu wake ni uzito unapolirudia. Habari yenye *mume wake*, *mama yake*, *mtoto wake* na *mwenzi wake* katika aya moja huanza kuchosha, na hilo la mwisho lina shida nyingine tutakayoifikia.

Umbo la kuunganisha: babangu, mamako, dadake

*Linavyoundwa.* Chukua *baba yangu*. Dondosha y. Inabaki *baba* na *angu*, na a mbili zilizokutana zinakuwa moja: *babangu*. Hivyo hivyo *mamako*, *dadake*, *kakangu*, *nyanyake*. Utajua kwamba limekuwa neno moja kweli kwa kusikiliza mkazo. Katika *baba yangu* kuna mikazo miwili, BAba YAngu. Katika *babangu* mkazo ni mmoja na umehamia silabi ya pili kutoka mwisho: baBAngu. Kwa hiyo kuandika *baba ngu* au *mama ke* ni kosa, kwa sababu *ngu* na *ke* hazisimami peke yake. Vivyo hivyo usiandike *mamayake* kama neno moja. Ama umeunganisha kwa kudondosha y, ama hukuunganisha.

Njia hii inahitaji jina linaloishia kwa a. Ndiyo sababu haifanyi kazi kwa *babu*, *bibi*, *shangazi*, *shemeji* wala *ndugu*. Hakuna a ya kuungana nayo, na ukilazimisha unapata *shangazingu*, neno ambalo Kiswahili hakilijui. Hata ndani ya majina yanayokubali, maumbo yaliyo hai zaidi ni matatu: -ngu, -ko, -ke. *Babetu* na *babenu* husikika, ila waandishi wengi hurudi kwenye umbo kamili wanapofika wingi wa wenyewe. Sala inayojulikana na kila mkristo huanza kwa *Baba yetu*, maneno mawili.

Msomaji wa Uganda ana njia ya karibu ya kulielewa umbo hili, kwa sababu lugha zetu zimelizoea kuliko Kiswahili. Luganda ina *kitange*, *kitaawo*, *kitaawe*, na katika sala ile ile *Kitaffe*. Runyankore inakwenda mbali zaidi: *tata* ni baba yangu, *sho* baba yako, *ishe* baba yake, maneno matatu yasiyofanana. Kwa mtu aliyekulia humo, *babangu* linakuja lenyewe mdomoni. Tofauti ni kwamba *kitange* ni umbo la kila mahali, kanisani na ofisini, wakati *babangu* limebaki karibu na mazungumzo.

*Umoja na wingi.* Hapa ndipo linapoanguka. Tulisema idadi inabebwa na y au z. Umbo hili limeidondosha konsonanti hiyo, kwa hiyo limeidondosha idadi pamoja nayo. *Dadangu* ni dada mmoja, basi. Anayeandika *Dadangu watatu wameolewa* amejaribu kupata wingi kutoka kwa neno lisilo na pa kuuweka. Sahihi ni *Dada zangu watatu wameolewa*, na hakuna njia ya kulifupisha.

*Mwenye jamaa.* -ngu, -ko na -ke haziingiliani. Ila angalia adabu. *Mamako* likitupwa peke yake bila sentensi linasikika kama tusi, na *mama yako* pia linaweza kuwa hivyo, sawa na *nyoko* kwa Mnyankore. Ukimwandikia mtu kuhusu mzazi wake, umbo kamili ndani ya sentensi kamili ni salama zaidi. Na ukimwuliza hali, *Mama hajambo?* au *Mzee hajambo?* inatosha bila kimilikishi chochote.

*Katika maandishi rasmi.* Hapa mipaka ya nchi inahusika. Waandishi wa Kenya huandika *babake* na *mamake* kwa uhuru, hata katika habari za gazeti. Tanzania, uandishi rasmi huegemea *baba yake*, na *babake* huachiwa mazungumzo na ushairi. Uganda tunasoma kutoka pande zote mbili, na ndiyo maana mwanafunzi anaona vitabu viwili vinapingana wakati kila kimoja kiko sahihi kwao. Ukiwa hujui msomaji wako anatoka wapi, umbo kamili halimkeri yeyote.

Linamfaa nani basi? Mwandishi wa mazungumzo katika hadithi, mtunzi wa shairi anayehesabu mizani, na kila anayetuma ujumbe kwa ndugu. *Baba yangu* ina mizani nne na *babangu* tatu, na kwa mshairi hiyo moja inaweza kuokoa mshororo.

Umbo la -we, -ye, -o: mkewe, nduguye, mwanao

*Linavyoundwa.* Hapa jambo ni kinyume. Konsonanti inabaki na katikati ya kimilikishi ndiko kunakokatwa: *wake* inakuwa *-we*, *yake* inakuwa *-ye*, *zake* inakuwa *-ze*. Ndugu yake ni *nduguye*, mke wake ni *mkewe*, mume wake ni *mumewe*, mwana wake ni *mwanawe*. Kwa nafsi ya pili ni -o: *mkeo*, *mumeo*, *mwanao*, na *nduguyo*. Kwa kuwa haihitaji a mwishoni mwa jina, inaingia pale *babangu* linaposhindwa: *babuye*, *shangaziye*, *bintiye*.

Nafsi ya kwanza haina njia hii. *Mkengu* na *mumengu* hazipo. Ni *mke wangu* na *mume wangu* daima. Linaloonekana kuvunja kanuni ni *mwanangu*, ambalo limeungana kama *babangu*. Mtu akiligundua hilo huogopa kuliandika. Lisikutishe: *mwanangu* na wingi wake *wanangu* ni maneno ya kawaida kabisa katika maandishi ya kila daraja.

*Umoja na wingi.* Kwa kuwa konsonanti imebaki, idadi imebaki. *Nduguye* ni mmoja, *nduguze* ni wengi. *Mwanawe* ni mmoja, *wanawe* ni wengi. Katika hili umbo la -we na -ye lina nguvu ambayo *babangu* haina.

*Mwenye jamaa.* Lakini lina shimo lake, na shimo lenyewe ni -o. *Mwanao* ni mwana wako. *Mwanao* pia ni mwana wao. Msomaji anategemea sentensi imsaidie, na wakati mwingine sentensi haimsaidii. *Wanao* ni hatari zaidi, kwa sababu ni wana wako, ni wana wao, na ni kitenzi pia: *wanao uwezo*.

Makosa mawili ya tahajia hujitokeza hapa. Moja ni kumilikisha mara mbili, *mkewe wake*, wakati *-we* tayari ni *wake*. Jingine ni *mkewo*, linalotokana na mtu kuchanganya *mkewe* na *mkeo*. Kwa jina la mtu, *mkewe Musa* ni sahihi. Ukitaka urasmi zaidi andika *mke wa Musa*.

*Katika maandishi rasmi.* *Mkewe, mumewe, mwanawe, wanawe, nduguye* yanakubalika katika gazeti, ripoti na barua ya ofisi, Kenya na Tanzania sawasawa. *Babaye* na *mamaye* ni sahihi pia, ila yananukia lugha ya maandiko ya dini. Katika barua ya leo yatamfanya msomaji asite.

Na hapa turudi kwa *mwenzi wake*. Anayefuata ushauri wa kurefusha kila kitu atachukua *mwenzake* na kulifanya *mwenzi wake*, na maana itahama. *Askari na mwenzake* ni askari wawili wa kazi moja. *Askari na mwenzi wake* wengi watasoma kama askari na mume au mkewe. *Mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu* yamekomaa kuwa maneno kamili. Yaache yalivyo.

Barua moja, imesomwa kwa makini

Tuchukue barua anayoiandika mtu kwa mwenyekiti wa LC1 akiomba barua ya utambulisho, katika mtaa wenye watu wa makabila mengi ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha:

> Babangu na mamangu ni wakazi wa kijiji hiki tangu 1994. Dadangu wawili wanasoma Jinja. Kakangu mkubwa na mkewe wanaishi nasi. Mwanao anasoma darasa la tano pamoja na mwanangu.

Sentensi ya kwanza haina kosa la sarufi. Shida ni daraja tu: barua ya ofisi inaomba *Baba yangu na mama yangu*, au kwa ufupi zaidi *Wazazi wangu*. Hilo la pili ndilo zuri, kwa kuwa linaondoa marudio.

Sentensi ya pili ni kosa hasa. *Dadangu* haiwezi kuwa wawili. *Dada zangu wawili wanasoma Jinja.*

Ya tatu ina maumbo mafupi mawili, na tunagusa moja tu. *Kakangu* linakuwa *Kaka yangu mkubwa*. *Mkewe* linabaki, na ukilirefusha kuwa *mke wake* hujaongeza urasmi wowote.

Ya nne ndiyo yenye madhara. Mwandishi alikusudia mtoto wa kaka na mkewe. Lakini barua inasomwa na mwenyekiti, na mwenyekiti akiona *Mwanao* katika barua aliyoandikiwa yeye, atadhani ni mtoto wake. Kama kweli ana mtoto darasa la tano, hatagundua kosa kamwe, na mtoto wa kaka hataandikwa katika barua ya utambulisho. *Mtoto wao* linamaliza jambo. *Mwanangu* linabaki bila wasiwasi.

> Wazazi wangu ni wakazi wa kijiji hiki tangu 1994. Dada zangu wawili wanasoma Jinja. Kaka yangu mkubwa na mkewe wanaishi nasi. Mtoto wao anasoma darasa la tano pamoja na mwanangu.

Maumbo mafupi yalikuwa saba, yamebaki mawili. Hayakuondolewa kwa kuwa ni mafupi. Kila moja liliondolewa kwa sababu yake.

Kwa hali yako

Ukiandika barua ya kazi, ripoti au ombi kwa ofisi, tumia umbo kamili kwa baba, mama, dada, kaka, bibi na babu, na uache *mkewe, mumewe, mwanawe* na *mwenzake* zifanye kazi yake. Kama barua inakwenda Dar es Salaam au Arusha, shikilia hilo bila kulegeza. Kama inakwenda Nairobi, *babake* haitakuponza, ila usichanganye: aya yenye *baba yake* mstari wa kwanza na *babake* mstari wa tatu inaonyesha mwandishi asiyejua anataka nini.

Mwanafunzi wa insha atenganishe sauti mbili. Msimulizi aseme *Mama yake alisimama mlangoni*. Mhusika akifungua mdomo anaweza kusema *Mamangu ameniita*. Mtahini ataona umefanya hivyo kwa makusudi. Ikiwa insha haina mazungumzo, usimpe sababu ya kutilia shaka.

Unapotafsiri kutoka Luganda, chunguza kila *wange* na *wo* mara mbili kabla ya kuandika *wangu* na *wako*. Kwa jina lisilo na m-, jibu ni *yangu*.

Ukiandika tangazo la msiba litakalosomwa redioni, fikiria sikio. Msomaji wa tangazo hasomi alama zako za uandishi, na msikilizaji hawezi kurudi mstari wa juu. *Mwanao* na *wanao* zisiwemo kabisa. Andika *mtoto wa marehemu*, *watoto wao*, na kwa ndugu wengi *ndugu zake*, ambalo redioni linasikika wazi kuliko *nduguze*.

Ukimtumia dada yako ujumbe wa simu kwamba *mamangu mdogo amefika Tororo*, liache hivyo hivyo. Hapo ndipo nyumbani kwa *mamangu*.